Waliochomwa Sindano ya Mgongo

Kilima cha Old Kampala, alipopiga kambi Kapteni Lugard mwezi Desemba 1890 na ambapo leo umesimama Msikiti wa Taifa, kimezungukwa na vilima vyenye hospitali. Ukipanda mnara wa msikiti, Namirembe na Hospitali ya Mengo viko karibu sana. Rubaga iko nyuma yake, Nsambya iko upande mwingine, na Mulago iko kaskazini, ng'ambo ya Makerere. Chini ya kilima, upande wa Kisenyi, zimebanana nyumba za familia ambazo mgonjwa wao akizidiwa humpakia kwenye gari au boda boda na kumpeleka kwenye mojawapo ya vilima hivyo. Familia hizo zina jambo wanaloambizana kabla mgonjwa hajaondoka: wakitaka kumchoma sindano ya mgongo, msikubali. Fulani alichomwa, hakurudi. Na yule wa nyumba ya pili naye vivyo hivyo.

Madaktari wa Kampala wanaifahamu hofu hii vizuri, kwa sababu hukutana nayo kitandani mwa mgonjwa, karatasi ya ridhaa ikiwa mkononi. Wengi huiita ujinga. Mimi naona si haki kuiita hivyo. Majirani wa Kisenyi wamehesabu watu waliowaona kwa macho yao, na huenda hesabu yao ni sahihi kabisa. Kosa liko kwingine, na kosa hilo hilo hukaa ndani ya kompyuta za watafiti wanaochukua mafaili ya hospitali, wakagawa wagonjwa waliotibiwa na wasiotibiwa, kisha wakalinganisha vifo. Sura hii inahusu kosa hilo na njia mojawapo ya kulipunguza.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kriptokoka ni fangasi anayeingia mwilini kwa njia ya hewa. Kwa mtu ambaye kinga yake imeporomoka kwa sababu ya virusi vya ukimwi, fangasi huyo hufika kwenye utando wa ubongo na kusababisha homa ya uti wa mgongo. Vijidudu hujazana kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, huziba njia ambazo maji hayo hutokea, na presha ndani ya fuvu hupanda. Mgonjwa huumwa kichwa kupita kiasi, huona ukungu, hutapika, huchanganyikiwa, na mwishowe hupoteza fahamu. Dawa za kuua fangasi huchukua siku nyingi kufanya kazi, lakini presha inaweza kumuua mgonjwa kesho. Kwa hiyo daktari huingiza sindano kiunoni, kati ya pingili za mgongo, hupima presha, na ikizidi milimita 250 za maji huyatoa maji ya mgongo taratibu mpaka presha ishuke. Sindano ya kwanza ni ya kutambua ugonjwa. Zinazofuata ni tiba, na ndizo zinazohusika hapa.

Sasa tufungue rejista ya wodi. Takwimu ninazotoa hapa nimezibuni ili hesabu ionekane wazi. Wamelazwa wagonjwa 200 wa kriptokoka. Kati yao, 80 walirudiwa sindano ya mgongo na 120 hawakurudiwa. Katika wale 80 walikufa 19, yaani asilimia 24 hivi. Katika wale 120 walikufa 20, yaani asilimia 17 hivi. Jirani wa Kisenyi ameshinda: waliochomwa wamekufa zaidi.

Lakini rejista ina safu nyingine, ya hali ya fahamu siku ya kulazwa. Wagonjwa 80 waliletwa fahamu zikiwa zimepungua, na 120 waliletwa wakijitambua. Ukiwatenga, picha inageuka. Kati ya wale mahututi 80, madaktari waliwarudia sindano 60, wakafa 18, ambao ni asilimia 30. Wale 20 mahututi ambao hawakurudiwa walikufa 10, nusu nzima. Kati ya wale 120 waliojitambua, 20 walirudiwa sindano, akafa mmoja, asilimia 5. Waliobaki 100 hawakurudiwa, wakafa 10, asilimia 10. Kwa mahututi, waliochomwa walipona zaidi. Kwa wanaojitambua pia, waliochomwa walipona zaidi. Ukiwachanganya tu ndipo sindano inaonekana inaua.

Kilichovuruga hesabu ni uamuzi wa daktari mwenyewe. Hakurusha shilingi kuamua nani achomwe. Alimwangalia mgonjwa, akaona anazidiwa, akaita sindano. Ukali wa ugonjwa ulifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: ulimvuta mgonjwa kwenye sindano, na ulimvuta kwenye kifo. Sindano ikaonekana karibu na kifo kama gari la zimamoto linavyoonekana karibu na kila nyumba inayoungua.

Katika mfano wetu dawa ya mkanganyiko huu ni rahisi, kwa kuwa kuna safu moja tu ya kutenganisha. Wodi halisi haiko hivyo. Uamuzi wa daktari hutokana na fahamu, presha iliyopimwa siku ya kwanza, degedege, kuona vibaya, wingi wa fangasi kwenye maji, umri, idadi ya seli za CD4, kama mgonjwa ameshaanza dawa za kupunguza makali ya virusi, na kadhalika. Ukichukua sifa kumi tu, kila moja ikiwa na jibu la ndiyo au hapana, unapata makundi 1,024. Wagonjwa wako ni 200. Makundi mengi yatakuwa matupu, na mengine yatakuwa na mtu mmoja asiye na wa kulinganishwa naye.

Mwaka 1983 wanatakwimu wawili wa Marekani, Paul Rosenbaum na Donald Rubin, walichapisha njia ya kutokea hapo. Walionyesha kwamba huhitaji kuwapata watu wawili wanaofanana katika kila sifa. Inatosha wafanane katika namba moja, nayo ni uwezekano wa kila mmoja kupewa tiba, kwa kuzingatia sifa zake zote zilizoandikwa. Namba hiyo tuiite alama ya uelekeo. Mwenye alama ya 0.75 ni mgonjwa ambaye watu mia wa aina yake wangefika wodini, 75 wangechomwa sindano. Ukiwakusanya wagonjwa wengi wenye alama hiyo, waliochomwa kwa wasiochomwa, sifa zilizotumika kuikokotoa zitakuwa zimegawanyika sawa kwa wastani katika pande zote mbili. Mmoja anaweza kuwa na presha kubwa na mwenzake fahamu hafifu, lakini kundi kwa kundi watalingana.

Alama hiyo hukokotolewa kwa modeli, mara nyingi ile iitwayo rigresheni ya kilojistiki, ambayo hujifunza kutoka kwenye mafaili yenyewe ni sifa zipi zilimfanya daktari achome. Na hapa ndipo kazi inapoharibika kwanza. Sifa zinazoruhusiwa ndani ya modeli ni zile zilizokuwepo kabla ya uamuzi. Maumivu ya kichwa ya siku ya kulazwa yanaingia. Maumivu ya siku ya tano hayaingii, kwa sababu sindano ya siku ya tatu ingeweza kuyapunguza. Ukiyaingiza, utakuwa unamlinganisha mtu aliyepata nafuu kwa sababu ya sindano na mtu ambaye hakuwa mgonjwa sana tangu mwanzo, na faida ya tiba utakuwa umeifuta kwa mkono wako. Faili la karatasi halikuonyi kuhusu hili. Tarehe ndiyo inayoonya, na tarehe ndiyo inayosahaulika kuandikwa.

Mafaili ya hospitali hayakuandikwa kwa ajili yetu. Albert Cook alipofika Namirembe mwaka 1897 na kuanzisha Hospitali ya Mengo, aliweka kumbukumbu za wagonjwa kwa uangalifu kiasi kwamba mwaka 1964 madaktari wa Makerere waliweza kuchapisha uchambuzi wa saratani kutoka kwenye rejista za hospitali hiyo za miaka ya 1897 hadi 1956. Hata hivyo Cook aliandika ili atibu. Vivyo hivyo nesi wa zamu ya usiku leo: anaandika kitakachomsaidia wa zamu ya asubuhi. Kipimo cha fahamu cha Glasgow, ambacho huanzia 3 hadi 15, kinaweza kukosekana kabisa kwa mgonjwa aliyefika akiwa taabani akafa kabla ya mapambazuko. Ukiwaondoa kwenye uchambuzi wote ambao kipimo hicho hakijaandikwa, utakuwa umewaondoa waliokufa haraka kuliko wengine. Kwa hiyo kabla ya kuoanisha mtu yeyote, hesabu vifo kati ya wenye safu zilizojaa na kati ya wenye safu tupu. Vikitofautiana sana, utupu wenyewe ni dalili ya ugonjwa, na haufai kufutwa.

Turudi kwenye wagonjwa wetu 200 tuwaoanishe. Kwa kuwa tuna sifa moja tu, alama ni mbili tu: mahututi wana 60 kwa 80, yaani 0.75, na wanaojitambua wana 20 kwa 120, yaani 0.17 hivi. Kila aliyechomwa tunamtafutia asiyechomwa mwenye alama sawa, na akishatumika mara moja hatumiki tena. Kwa wanaojitambua hakuna shida: 20 waliochomwa wanapata wenzao 20 kati ya 100. Kwa mahututi tunakwama. Waliochomwa ni 60, lakini wasiochomwa ni 20 tu. Jozi 20 zinapatikana, na 40 wanabaki bila mwenza na kutupwa nje. Tumebaki na jozi 40. Kwa wastani, waliochomwa watakuwa wamekufa 7 kati ya 40, na wenzao 12 kati ya 40: asilimia 17.5 kwa 30. Jirani wa Kisenyi hayuko sahihi tena.

Angalia kilichotokea, maana wengi hupita hapa haraka. Tulianza kwa kuuliza faida ya sindano kwa watu waliochomwa, ambao robo tatu yao walikuwa mahututi. Tumemaliza kwa kujibu juu ya kundi ambalo nusu tu ni mahututi. Waliotupwa nje ni wale hasa ambao tiba iliwalenga. Tukiruhusu asiyechomwa atumike zaidi ya mara moja, kila mmoja wa wale 20 mahututi atasimama mbele ya wenzake watatu. Waliochomwa wote 80 wanabaki, vifo vyao 19, na upande wa pili vifo vinavyotarajiwa ni 32 kati ya 80, asilimia 40. Faida iliyokuwa pointi 12.5 imekuwa pointi 16 na ushei. Majibu yote mawili ni sahihi, ila kila moja ni la swali lake. Gharama ya jibu la pili ni kwamba watu 20 wamebebeshwa uzito wa 60, na mmoja wao akiwa na faili lenye makosa, kosa hilo linahesabiwa mara tatu.

Katika data halisi alama hazilingani sawasawa, kwa hiyo mtafiti huweka kikomo cha umbali unaokubalika kati ya wawili wa jozi. Kinachotumika sana ni 0.2 ya mkengeuko sanifu wa alama zikishageuzwa kuwa logiti. Kikomo kikibana mno, jozi zinaisha. Kikilegea mno, utamwoanisha mahututi na mtu anayekula ugali kitandani.

Baada ya kuoanisha, kabla hujatazama vifo, unarudi kuuliza kama makundi yamelingana kweli. Kwa kila sifa chukua tofauti ya wastani wa makundi mawili, uigawe kwa mkengeuko sanifu. Katika wodi yetu ya kubuni, kabla ya kuoanisha, asilimia 75 ya waliochomwa walikuwa mahututi kwa 17 ya wasiochomwa, na tofauti hiyo ikigawanywa hivyo inatoa 1.44. Baada ya kuoanisha ni sifuri. Desturi ni kutaka kila sifa iwe chini ya 0.1. Wapo wanaotumia thamani ya p kwenye jedwali hili, wakifurahi ikizidi 0.05. Hiyo ni faraja ya uongo, kwa sababu kuoanisha hupunguza idadi ya wagonjwa, na idadi ikipungua thamani ya p hupanda yenyewe hata kama makundi hayajalingana hata kidogo. Sifa ikiwa bado haijatulia, modeli inarekebishwa na kuoanisha kunarudiwa. Ni halali kurudia mara nyingi upendavyo, mradi safu ya vifo bado imefunikwa. Ukishaifunua, kila marekebisho yanakuwa na mvuto wa jibu unalolitaka.

Kuna mtego mmoja ambao alama ya uelekeo haiutegui, nao ni wa wakati. Mgonjwa anayekufa saa kumi baada ya kulazwa hawezi kurudiwa sindano siku ya tatu. Faili lake linaingia kwa wasiochomwa, na kifo chake kinahesabiwa dhidi yao, ingawa hakupata nafasi ya kuwa upande wa pili. Aliyechomwa siku ya tatu, kwa upande wake, amehakikishiwa siku tatu za uhai na hesabu yenyewe. Namna ya kuugundua mtego huu ni kuchora vifo siku kwa siku kwa kila kundi. Ukiona waliotibiwa hawana kifo hata kimoja siku za mwanzo huku wenzao wakipukutika, usiamini kitu. Tiba yake ni kuoanisha kwa saa ileile: mgonjwa akichomwa siku ya tatu, mtafutie mwenza ambaye siku hiyo ya tatu yu hai, hajachomwa, na ana alama inayofanana naye, kisha saa ya wote wawili ianzie hapo.

Kampala ina utafiti halisi juu ya swali hili. Wagonjwa 248 wenye kriptokoka, waliochunguzwa nchini Uganda na Afrika Kusini kwa ajili ya jaribio lililojulikana kama COAT, walifuatiliwa kwa siku 11, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Hakuna kura iliyoamua nani arudiwe sindano. Wagonjwa 75 walirudiwa angalau mara moja, wakafa 5. Wengine 173 hawakurudiwa, wakafa 31. Hiyo ni asilimia 7 kwa 18. Watafiti waliporekebisha tofauti walizozipima kati ya makundi, hatari ya kifo kwa waliorudiwa ilikuwa 0.31 ya wenzao, na ukanda wa uhakika wa asilimia 95 ulianzia 0.12 hadi 0.82. Faida hiyo ilionekana hata kwa ambao presha yao ya mwanzo haikuwa juu.

Je, tuamini? Kilichorekebishwa ni kile kilichopimwa. Mtu anayezijua wodi za Uganda atauliza mara moja juu ya anayemuuguza mgonjwa, yule dada au mama anayelala chini ya kitanda, anayepika, anayefua, anayetumwa kununua glavu na sindano zinapokosekana stoo, anayemkimbilia daktari usiku hali ikibadilika. Mgonjwa mwenye mtu kama huyo hupata sindano kwa urahisi zaidi. Hupata pia uji, maji, na dawa kwa wakati. Anaweza kupona kwa sababu ya dada, na sindano ikapewa sifa. Dada huyo hana safu kwenye rejista, na alama ya uelekeo haiwezi kumwona.

Kuna njia ya kupima dada huyo angehitaji kuwa na nguvu kiasi gani. Tyler VanderWeele na Peng Ding waliipendekeza mwaka 2017, nayo ni hesabu ya mistari miwili. Chukua uwiano wa hatari, na ukiwa chini ya moja ugeuze: moja gawanya kwa 0.31 ni 3.23. Jumlisha na kipeuo cha pili cha 3.23 mara 2.23, upate karibu 5.9. Maana yake ni kwamba ili kitu kisichopimwa kifute kabisa faida ile, lazima kihusiane na kupata sindano kwa uwiano wa 5.9, na kihusiane na kupona kwa uwiano huo huo, juu ya yote yaliyokwisha kurekebishwa. Sidhani dada peke yake ana nguvu hizo. Lakini fanya hesabu hiyo hiyo kwa mwisho wa ukanda, 0.82, na unapata 1.7 tu. Kitu chenye nguvu ya wastani kingetosha kuufikisha ukanda wa uhakika kwenye moja, mahali ambapo huwezi tena kusema sindano inasaidia. Kwa maoni yangu ushahidi huo, ukiungana na tunachokijua kuhusu presha ndani ya fuvu, unatosha kabisa kumshawishi daktari achome na familia ikubali. Hautoshi kutangaza kwamba vifo vinapungua kwa asilimia 69 kamili.

Kura ndiyo huondoa shaka ya namna hii, kwa kuwa hugawa sawa hata yasiyopimwa. Kwa sindano hii kura ni ngumu kuitetea: ni daktari gani atamwacha mgonjwa mwenye presha ya 400 kwa sababu karatasi imesema hivyo? Tutaendelea kutegemea mafaili kwa muda mrefu, na kinachoweza kubadilika ni mafaili yenyewe.

Kama ningeruhusiwa kuongeza safu moja kwenye rejista ya wodi za Kampala, isingekuwa ya kipimo kipya cha maabara. Ingekuwa ya sababu ya kutochomwa. Leo wasiochomwa wote wanaandikwa sawa, wakati ndani yake kuna watu wa aina tofauti kabisa. Yupo ambaye daktari alimwona hana haja. Yupo ambaye familia yake ilikataa kwa hofu ile ya Kisenyi. Yupo aliyeonekana amechelewa mno. Na yupo ambaye daktari aliandika achomwe, ila Jumamosi ile sindano zilikuwa zimekwisha stoo. Huyu wa mwisho ana thamani kubwa kuliko wote kwa anayeoanisha, kwa kuwa kilichomnyima tiba hakina uhusiano na ugonjwa wake. Ana ukali uleule wa aliyechomwa Ijumaa, na huenda hata ana dada yuleyule chini ya kitanda. Wakipatikana wa namna hiyo wa kutosha, waoanishwe kwanza na waliochomwa wiki ileile katika wodi ileile, na wale waliokataa wahesabiwe peke yao, tena wakiwa na alama zao.